Hakuna Kitu Kinachoitwa "Dawa ya Presha"

Hakuna kitu kinachoitwa "dawa ya presha". Kuna dawa nyingi, za koo tofauti, zinazofanya kazi katika sehemu tofauti za mwili, na kinachozikutanisha ni kwamba zote hushusha shinikizo la damu. Kwa mzee wa miaka 60 anayepeleka korosho zake mnadani Ruangwa, tofauti hiyo ni jambo la daktari wake na mfuko wake. Kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi saba katika kata ya Mandawa, tofauti hiyo hiyo inaweza kuamua kama mtoto atazaliwa na figo zinazofanya kazi, au kama atazaliwa hai. Hata hivyo sisi sote, wasomi na wasiosoma, tunalitumia jina moja kwa vitu vyote hivyo, kisha tunashangaa vinapochanganywa.

Lugha imetufanyia ubaya mwingine mkubwa zaidi. Ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia leo tumeupa jina la mwisho wake. Tunauita "kifafa cha mimba". Maana yake ni kwamba mwanamke anakuwa na ugonjwa wenye jina siku anapoanguka, macho yamegeuka, mwili unatikisika na ulimi uko katikati ya meno. Wiki mbili kabla ya hapo, presha ilipokuwa 150 kwa 100 na protini ikivuja kwenye mkojo, hakuwa na kitu. Alikuwa "amevimba miguu kidogo" na "amechoka na safari". Madaktari wanaijua hatua hiyo ya awali na wanaiandika katika mafaili yao kwa jina la kigeni. Kijijini haina jina, na kisicho na jina hakiombewi gari. Kifafa chenyewe kikifika, kuna nyumba ambako bado jini ndilo hutajwa kwanza na zahanati baadaye.

Niseme mapema kwamba udaktari wangu ni wa vitabu. Nafundisha sera za afya. Sitibu mtu, ingawa kila nikipanda basi la kusini kuna abiria anayesikia naitwa "Dokta" akanifunulia kadi yake ya kliniki. Kwa hiyo asiwepo wa kubadilisha dozi yake kwa sababu ya makala haya. Ninachokitaka ni kingine: kwamba mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa halmashauri wanaonisoma wajue jambo hili kwa kina cha kutosha kuweza kuuliza maswali ambayo hayajibiki kwa semina.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Chanzo chake si chumvi, si hasira za mume, wala si "kuwaza sana", ingawa mambo hayo matatu ndiyo mama huyu ataambiwa. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Katika mimba ya kawaida, mishipa midogo ya mji wa mimba inayolisha kondo hupanuka na kulegea mapema, ikawa kama mifereji mipana inayopitisha damu nyingi bila nguvu. Kwa baadhi ya wanawake upanuzi huo haukamiliki. Kondo linakosa damu ya kutosha, na kwa kukosa huko linamwaga katika damu ya mama vitu vinavyoshambulia utando wa ndani wa mishipa yake mwili mzima. Mishipa inajikaza, presha inapanda. Vichujio vya figo vinaharibika, protini inapita kwenye mkojo. Ini linavimba na kuuma chini ya mbavu za kulia. Ubongo unapata maji na msukumo usioumudu: kichwa kinauma bila kukoma, macho yanaona nyota au ukungu, na mwishowe kifafa au kiharusi.

Ukiuelewa mwendo huo, utaelewa kwa nini presha ni dalili ya ugonjwa na si ugonjwa wote. Hakuna kidonge kinachotibu kondo. Ugonjwa huanza kuisha pale kondo linapotoka, yaani kwa kuzaa. Kazi ya dawa za presha ni moja tu, nayo ni kubwa: kuuzuia mshipa wa ubongo usipasuke wakati tunatafuta siku salama ya kumzalisha. Muuguzi akishusha presha kutoka 170 hadi 145 akamrudisha mama nyumbani kwa kuwa "imekaa sawa", amelizima taa la onyo na kuiacha injini iungue.

Vipimo vinavyotumika kumtambua si vya kisayansi sana kiasi cha kuhitaji Muhimbili. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, baada ya wiki ya 20 ya mimba, ikipimwa zaidi ya mara moja mama akiwa ametulia, ni presha ya mimba. Ikiambatana na protini kwenye mkojo, au na dalili za figo, ini, ubongo au chembe sahani za damu kushuka, ndiyo hatua ile isiyo na jina. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura, na haingoji siku ya kliniki. Inapimwa tena ndani ya dakika 15 na ikithibitika, dawa inaanza.

Sasa dawa. Zipo tatu ambazo mama mjamzito anaweza kumeza na ambazo dunia nzima imezizoea kwa kazi hiyo: methildopa, nifedipini na labetaloli.

Methildopa ndiyo kongwe. Wengi wanaifahamu kwa jina la kibiashara la Aldometi. Inafanya kazi ndani ya ubongo, ikipunguza amri zinazoikaza mishipa. Huanzwa kwa miligramu 250 mara mbili au tatu kwa siku, na huongezwa taratibu. Watoto waliozaliwa na mama walioitumia wamefuatiliwa kwa miaka mingi baada ya kuzaliwa, wakaonekana kukua kama wenzao. Ndiyo maana imedumu kwa wajawazito hata baada ya watu wengine kuiacha. Ubaya wake ni usingizi, uchovu, mdomo kukauka, na huzuni kwa baadhi ya wanawake. Mama anayelima ufuta na kulala njaa ya usingizi kila mchana ataiacha kimyakimya ikiwa hakuna aliyemweleza kwamba uchovu huo hupungua baada ya siku kadhaa.

Nifedipini hulegeza misuli ya mishipa moja kwa moja. Ile inayotoa dawa polepole ndiyo ya kila siku. Ile inayofanya kazi haraka, miligramu 10 za kumeza, ni ya dharura. Imezwe, isitobolewe wala kudondoshwa chini ya ulimi kama ilivyokuwa desturi zamani, kwa sababu presha huporomoka ghafla na kondo, ambalo tayari lina njaa, linanyimwa hata kile kidogo. Labetaloli inapunguza kasi ya moyo na kulegeza mishipa kwa pamoja. Ni nzuri, ila haipewi mwenye pumu, na ni vigumu zaidi kuipata huku kwetu.

Upande wa pili wa kabati kuna dawa nzuri sana kwa watu wasio na mimba, na hapo ndipo jina moja linapoua. Kaptoprili, enalaprili, lisinoprili. Losatani, valsatani, telmisatani. Jamaa hizi mbili zinaziba njia ya homoni ambayo figo huitumia kupandisha presha. Kwa mtu mzima hilo linasaidia. Mtoto aliye tumboni anaihitaji njia hiyo hiyo ili figo zake zijengeke na zitoe mkojo, na mkojo wa mtoto ndio sehemu kubwa ya maji ya chupa katika nusu ya pili ya mimba. Mama akiendelea na dawa hizo mwezi wa tano, wa sita, wa saba, maji yanapungua. Mapafu ya mtoto, ambayo hukua kwa kuyavuta na kuyatoa maji hayo, yanadumaa. Mifupa ya fuvu haikomai vizuri, viungo vinakunjamana, na mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa asikojoe. Si uvumi wa mtandaoni. Limeandikwa kwenye karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya kila boksi la dawa hizo, kwa Kiingereza, kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Atenololi nayo iwekwe kando, maana imehusishwa na watoto wanaozaliwa wadogo kuliko umri wao. Na dawa za kukojoza, ambazo mama aliyevimba miguu huziomba mwenyewe, hazimfai: damu yake tayari imepungua maji ndani ya mishipa ingawa miguu imejaa. Zina nafasi pale maji yanapojaa kwenye mapafu, hospitalini.

Hapa naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu kuna kosa la upande wa pili ambalo huua vilevile. Mwanamke akisikia maneno haya akatupa vidonge vyote na kukaa bila dawa "ili mtoto awe salama", amehama kutoka hatari moja kwenda nyingine. Presha isiyotibiwa hailindi mtoto. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kutolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wajawazito waliokuwa na presha ya muda mrefu, hata ile isiyo kali, walipotibiwa ili ibaki chini ya 140 kwa 90, walipata madhara machache kuliko walioachwa, na watoto wao hawakuwa wadogo zaidi. Kwa hiyo neno sahihi ni "badilisha", si "acha". Na aliyegundua ana mimba ya wiki saba akiwa kwenye losatani hana sababu ya kufikiria kuitoa. Madhara niliyoyataja ni ya miezi ya kati na ya mwisho. Ana sababu ya kufika zahanati wiki hiyo hiyo.

Nitoe mfano. Ni wa kubuni, lakini kila kipande chake kinatokea. Mwanamke wa miaka 34 wa kata ya Mandawa ana mimba ya tatu. Tangu uzazi wa pili amebaki na presha, na aliandikiwa losatani miligramu 50. Huinunua katika duka la dawa muhimu kila anapopata fedha. Akiwa na mimba ya miezi minne anaingia dukani.

"Habari za leo, dada. Nikupe nini?"

"Nzuri, mdogo wangu. Nipe ile ya presha ninayochukuaga."

"Za wiki mbili au mwezi?"

Mazungumzo yameisha. Swali moja lilikosekana, nalo halihitaji shahada: "Samahani dada, una ujauzito, au unatarajia?" Maduka haya yalianzishwa kama jaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili wauzaji wa dawa vijijini wawe watu waliofunzwa. Kufunzwa huko kuna maana gani ikiwa swali hilo halimo katika midomo yao kama salamu?

Wiki ya 22 anafika kliniki. Anaulizwa kama anatumia dawa yoyote. Anajibu hatumii, kwa sababu kwake dawa ni ya ugonjwa na ile ya presha ni "vidonge vyangu". Kadi yake inaandikwa 110 kwa 70. Nami nitasema ambalo wengi serikalini hawapendi kulisikia: kadi za kliniki nchini zimejaa 110 kwa 70. Nimeziona kadi ambazo mwanamke mmoja ana 110 kwa 70 mwezi wa tano, wa sita, wa saba na wa nane, kana kwamba moyo wake ni mashine ya kusaga iliyofungwa kasi moja. Presha haifanyi hivyo. Kalamu ndiyo hufanya hivyo, pale betri za mashine zimekwisha, foleni ni ya wanawake 40 na muuguzi ni mmoja. Simlaumu muuguzi kwanza. Ila kadi ya namna hiyo ni hatari kuliko kadi tupu, kwa sababu tupu ingemfanya anayefuata apime.

Na kupima kwenyewe kuna adabu zake. Mwanamke aliyetembea saa nzima juani apumzike angalau dakika 5, akae ameegemea, miguu chini, mkono umeinuliwa usawa wa moyo. Mkanda uwe saizi ya mkono wake: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya uongo iliyo juu. Kisha kijiti cha mkojo, ambacho hubadilika rangi ndani ya dakika moja. Hivi viwili, mkanda na kijiti, ndivyo vinavyoupa ugonjwa jina kabla ya kifafa.

Tuseme kliniki ile ilikuwa na mkanda unaofanya kazi. Presha ingesomeka 148 kwa 96, muuguzi angeuliza kuhusu "vidonge", losatani ingesimamishwa siku hiyo na methildopa ikaanzwa siku hiyo, bila kuruka hata usiku mmoja. Hadithi ingekuwa fupi na ya kuchosha, kama afya njema inavyopaswa kuwa.

Haikuwa hivyo. Wiki ya 34 anaamka na kichwa kinachomgonga. Mchana anaona ukungu. Mume anampeleka zahanati kwa pikipiki. Presha ni 172 kwa 114. Baada ya dakika 15 ni 170 kwa 112. Kijiti cha mkojo kinaonyesha alama tatu za protini. Katika chumba hicho, wakati huo, maisha yake yanategemea mambo mawili ambayo lazima yatangulie gari.

La kwanza ni kushusha presha. Kwa miaka mingi tuliambiwa presha ya namna hii inahitaji haidralazini ya sindano na mashine za kumfuatilia, kwa hiyo zahanati haina la kufanya ila kuandika rufaa. Utafiti uliofanyika Nagpur, India, na kuchapishwa mwaka 2019 uliivunja hoja hiyo. Wanawake 894 wenye presha kali walipewa vidonge tu: nifedipini, labetaloli, au methildopa. Ndani ya saa 6, bila madhara makubwa, presha ilitulia kwa asilimia 84 ya waliopewa nifedipini, na kwa zaidi ya asilimia 75 katika makundi mengine mawili. Soma tena. Hata methildopa, kidonge kilekile cha bei nafuu ambacho hukisifia mtu, kwa dozi moja kubwa ya miligramu 1000, kiliwatosha wanawake watatu kati ya wanne. Vidonge hivi havihitaji jokofu wala umeme. Kwa mama wetu, nifedipini miligramu 10 inamezwa, presha inapimwa tena, na dozi inarudiwa ikiwa bado iko juu. Lengo si 120 kwa 80. Lengo ni kuitoa kwenye 160 kwa 110 na kuituliza karibu na 140 au 150 kwa 90 au 100, polepole, kwa sababu mtoto anakula kupitia msukumo huo huo.

La pili ni magnesiamu salfeti, na hapa kuna mkanganyiko mwingine: magnesiamu si dawa ya presha. Ni kinga na tiba ya kifafa. Mwaka 1995 utafiti wa nchi nyingi ulionyesha kwamba inaishinda diazepamu kwa mwanamke aliyekwisha kuanguka; mwaka 2002 mwingine, wenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba ikitolewa mapema hupunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa, zikiwa zimezimuliwa na kusukumwa polepole, na gramu 5 kwenye kila tako. Jumla ni gramu 14. Sindano za takoni zinauma, na zinampa mama muda wa karibu saa 4, ambao ndio muda wa kusafiri. Wanaoiogopa husema inaweza kusimamisha pumzi, na ni kweli ikizidi. Ndiyo maana kabla ya dozi inayofuata mtu huhesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, hugonga goti aone kama linarusha, na huangalia mkojo usipungue mililita 100 katika saa 4. Pembeni huwekwa kalsiamu glukoneti gramu 1, ambayo huigeuza. Kidole, saa na chupa ya mkojo. Hiyo ndiyo teknolojia inayohitajika.

Baada ya hayo mawili, gari. Namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambao serikali iliuzindua kitaifa mwaka 2022, inapigwa bure, na pale gari la wagonjwa lisipokuwepo dereva wa kijamii aliyesajiliwa huitwa na hulipwa na mfumo. Ni jambo jema nchi hii imefanya, nalisema bila kigugumizi. Lakini gari linalombeba mwanamke asiyepewa magnesiamu kutoka Mandawa kuelekea Ruangwa, Nachingwea au Ndanda linambeba kifafa pamoja naye, kiangukie njiani kwenye kiti cha nyuma, mikononi mwa mume asiyejua kumgeuza ubavu. Hospitalini atazalishwa. Akiwa na wiki 34 na dalili kali hizi, kumwacha aendelee kubeba mimba kuna hatari kuliko kuzaa kabla ya wakati. Losatani aliyoimeza wiki zote hizo italipwa na mtoto, na hakuna daktari wa watoto anayeweza kurudisha maji yaliyokosekana mwezi wa sita.

Sasa kwenu mnaokaa kwenye vikao. Mwaka 2016 taifa lilihesabu vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ukatoa 104. Tumeshangilia, na tulikuwa na haki. Lakini wastani wa nchi hauna anwani. Vifo vilivyobaki vimejificha mahali ambapo mkanda, kijiti, vidonge viwili na ampuli za magnesiamu havikutani siku moja katika chumba kimoja. Na kila tukiuliza, tunajibiwa kwa kitu kinachoitwa uhamasishaji: wanawake wanachelewa kliniki, wana mila, wanaamini majini. Mwanamke wangu wa mfano hakuchelewa kwa mila. Alifika dukani, akafika kliniki, akafika zahanati. Mara zote tatu alikuwa mbele ya mtu mwenye sare. Wilaya jirani ya Nachingwea ina kumbukumbu ya mradi wa karanga wa Waingereza, uliozikwa mwaka 1951: walileta matrekta kabla ya kuujua udongo na mvua. Tabia ya kutangulia kutenda kabla ya kupima, inaelekea, haikuondoka nao.

Uzuiaji nao una sehemu yake. Mwanamke aliyewahi kupata ugonjwa huu, au mwenye presha ya muda mrefu, kisukari, ugonjwa wa figo au mimba ya mapacha, hufaidika na asipirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kila usiku, ikianzwa kuanzia wiki ya 12 na vizuri zaidi kabla ya wiki ya 16. Pia kalsiamu, mahali ambapo chakula hakina ya kutosha. Kikwazo cha kalsiamu kilikuwa ukubwa wa dozi: miligramu 1500 kwa siku ni vidonge vitatu vikubwa, ghali kununua na vizito kusafirisha. Dar es Salaam ilishiriki kukiondoa kikwazo hicho. Wanawake 11,000 wa jiji hilo, katika mimba ya kwanza, waligawanywa katika makundi mawili, na matokeo yaliyotolewa Januari 2024 yalionyesha kwamba miligramu 500 hazikuzidiwa na 1500 katika kuzuia ugonjwa huu. Wanawake wetu walitoa miili yao kuujibu ulimwengu swali hilo. Ni haki kuuliza kama kidonge hicho kimoja kimefika vijijini kwa dada zao.

Na mwanamke akishazaa, faili lisifungwe. Presha mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kuzaa, wakati yeye ameshalazwa kitandani kwake Mandawa akipikiwa uji na wakwe. Kifafa kinaweza kutokea hapo, kondo likiwa limeshazikwa. Apimwe tena katika siku hizo, na aendelee na vidonge mpaka presha ithibitike kutulia. Kabati nalo hugeuka: enalaprili, iliyokuwa haramu jana, sasa inaruhusiwa hata kwa anayenyonyesha, maana kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana, na methildopa, iliyokuwa rafiki, ni bora ibadilishwe, kwa sababu ya ile huzuni inayoweza kumkuta mama aliyetoka kuzaa. Dawa ni zilezile, mwanamke ni yuleyule. Kilichoondoka ni mtoto tumboni, na orodha yote imepinduka. Niambieni sasa kama kuna kitu kinachoitwa dawa ya presha.

Mtumishi wa halmashauri, Ruangwa au Nachingwea, unaposoma haya mpango wa afya wa mwaka ujao uko mezani kwako au utafika. Nakuomba jedwali moja. Kwa kila zahanati: siku ngapi mwaka uliopita methildopa haikuwepo, siku ngapi nifedipini haikuwepo, siku ngapi magnesiamu haikuwepo, siku ngapi mkanda wa presha haukufanya kazi. Safu nne. Wanafunzi wangu watatu wako tayari kuja kuzijaza kwa nauli yao wenyewe, mkiwaruhusu kufungua leja.